Profaila inasema kila kitu kiko sawa ila mhusika anashtukashtuka: jinsi nilivyomsaka huyu bagi mpaka nikampata

Kama unatengeneza gemu kwa Unity na mhusika wako anakimbia vizuri tu kwenye laptopu, ila ukiweka kwenye simu anashtukashtuka, yaani anaenda, anakwama kidogo sana, anaenda tena, halafu ukifungua profaila unakuta grafu imelala chini haina hata mlima mmoja wa kukuonyesha kosa liko wapi, basi haya ninayoandika yanakuhusu. Mimi yalinila muda mwingi na usingizi, na bando pia, kwa sababu majibu mengi niliyoyapata mtandaoni yalikuwa yanaongelea tatizo jingine linalofanana na hili kwa sura tu.

Studio yetu ni ndogo, chumba kimoja ghorofani Sinza, tuko wanne: bosi, kaka anayeandika skripti za mfumo mzima, dada wa animesheni, na mimi dogo lao ninayepewa kazi za mhusika na kamera. Gemu lenyewe ni la kijana machinga anayekimbia Kariakoo na beseni la bidhaa kichwani, anakatiza Mtaa wa Kongo, anakwepa mikokoteni na watu, na beseni likiinama sana vitu vinamwagika. Sasa ukiangalia hapo utaona kila kitu kinamtegemea huyo kijana, macho ya mchezaji yako kwake muda wote, kwa hiyo akishtuka hata kidogo gemu zima linaonekana bovu.

Mwanzoni hatukuona shida. Kwenye simu Unity usipoigusa inakupa fremu 30 kwa sekunde, na kwa fremu 30 kila mtu alikuwa anasema "ah, ni simu tu ni ya bei rahisi". Halafu tukaandika `Application.targetFrameRate = 60`, simu ikaweza kabisa kufikisha 60, na hapo ndipo kijana akaanza kuonekana kama anakimbia kwenye barabara yenye matuta madogo madogo yaliyopangwa kwa rula. Bosi akaangalia akasema dogo hiyo haiendi kwa mteja namna hiyo, itafute.

Lawama ya kwanza ilimwangukia dada wa animesheni bila kosa lolote. Klipu ya kukimbia ilitengenezwa kwa fremu 30 kwa sekunde, kwa hiyo kaka akasema ndiyo maana, gemu lina 60 klipu ina 30, lazima ikwame. Dada akafungua klipu yake kwenye Blender, ikacheza laini kama maji, akaniambia, "Mdogo wangu, mguu wangu hauna kosa, katafute huko kwenye skripti zenu." Na alikuwa sahihi, naomba hili ulishike: Unity haichezi klipu kama picha za filamu moja baada ya nyingine, inasoma mikunjo ya mifupa na kukadiria mkao kwa muda wowote unaoulizwa, kwa hiyo klipu ya 30 inaweza kuonyeshwa kwa 60 au 90 na ikawa laini kabisa. Usimpe mtu wa animesheni kazi ya kurudia klipu zote kabla hujathibitisha hilo.

Nikaenda kwenye profaila. Jambo la kwanza ni kwamba usipime ndani ya editor, pima kwenye simu yenyewe. Ndani ya editor unapata na mzigo wa editor juu yake, utaona kitu kinaitwa `EditorLoop` kinakula muda, hicho siyo cha gemu lako. Na kwa upande wangu kulikuwa na kitu kingine ambacho nilikuja kukielewa baadaye, laptopu yangu ya zamani ndani ya editor ilikuwa inazunguka kwenye fremu 48 mpaka 50, na hiyo namba ndiyo ilikuwa inaficha tatizo, nitafika huko. Kwa simu unaweka tiki `Development Build` na `Autoconnect Profiler`, unachomeka kebo, unajenga. Kama simu haionekani kwenye orodha, amri hii ndiyo iliyonisaidia, weka jina la kifurushi chako:

```
adb forward tcp:34999 localabstract:Unity-com.studio.gemu
```

Halafu usiwashe `Deep Profile` mwanzoni. Inapima kila fanksheni na simu ndogo inazidiwa, fremu zinakuwa nzito zote na unaanza kukimbizana na uzito ulioletwa na kipimo chenyewe.

Nikapata mlima. Kila baada ya sekunde chache kulikuwa na fremu moja iliyopanda karibu milisekunde 40 wakati nyingine ziko chini ya 17, na ndani yake `GC.Collect`. Nikafurahi sana aisee, nikamwita kaka kabisa. Kwenye safu ya `GC Alloc` nikamwona mkosaji, ile skripti ya kuonyesha pesa juu ya skrini ilikuwa inaunganisha maneno na namba kila fremu hata kama pesa haijabadilika, kila kuunganisha ni takataka mpya kwenye memori, zikijaa Unity inasimamisha gemu kidogo ikafagie. Tukabadilisha iandike pale tu pesa inapobadilika, tukawasha na `Use Incremental GC` ambayo kwenye mradi wetu ilikuwa imezimwa, milima ikaisha. Tukajenga upya, tukaweka kwenye simu, tukakaa wote wanne tunaangalia.

Kijana bado anashtuka.

Hapo moyo ulishuka kwelikweli, kwa sababu sasa sina tena kitu cha kulaumu. Grafu imelala. Fremu zote ziko kwenye 16.6. Na sehemu kubwa ya hizo 16.6 wala siyo kazi, ni `WaitForTargetFPS`, maana yake simu imemaliza kazi mapema imekaa inasubiri muda wa fremu ufike. Wengi wakiona hilo neno au `Gfx.WaitForPresentOnGfxThread` limechukua muda mrefu wanadhani ndiyo bagi. Hili la kwanza ni kusubiri tu. Lile la pili mara nyingi linakuambia gemu linasubiri skrini, au kadi ya picha ndiyo imezidiwa, kwa hiyo usilihukumu kabla hujaangalia upande wa picha. Sisi lilikuwa la kwanza, kwa hiyo simu ilikuwa na nafasi tele.

Kilichonifungua macho ni dada wa animesheni tena. Aliniambia kitu ambacho mimi sikukiona kwa sababu nilikuwa naangalia mhusika tu, alisema, "Mbona zinazotetemeka ni nyumba? Kijana mwenyewe katulia katikati ya skrini." Nikaangalia tena, kweli. Kamera yetu ilikuwa inamfuata kijana kwa kumkamata moja kwa moja kwenye `LateUpdate`, kwa hiyo yeye akikwama kamera inakwama naye, na kinachoonekana kuruka ni maduka. Nikaweka kamera ya kufuata kwa ulaini, maduka yakatulia, sasa kijana ndiye akaanza kutetemeka mbele yake. Yaani tatizo linahama kati ya mhusika na mandhari kutegemea kamera. Ukiona hivyo, jua nafasi ya mhusika yenyewe ndiyo haisogei sawasawa, wala usihangaike na picha wala kadi ya picha.

Na mshtuko wenyewe ulikuwa na mapigo. Ule wa `GC` unakuja ovyo, sasa hivi, halafu baada ya sekunde nne, halafu sita. Huu mwingine ulikuwa na mdundo ule ule usiobadilika. Nikaazima simu ya bosi yenye slomosheni, nikarekodi skrini ya simu ya kutestia, nikaangalia polepole: kijana anasogea mara tano, mara ya sita picha ni ile ile. Tano, moja imesimama. Tano, moja imesimama.

Nilipoona hivyo nikaacha kuuliza fremu imechukua muda gani nikaanza kuuliza ndani ya hii fremu mhusika amesogea kiasi gani. Profaila haikuambii hilo hata siku moja. Yenyewe inapima muda wa kazi, haijui kama kazi yenyewe imefanyika mara moja, mara mbili au haikufanyika kabisa, mpaka wewe uende ukaangalie. Nikaandika kaskripti kadogo, na angalia kwamba natunza kwenye safu kwanza na kuchapisha baadaye, kwa sababu ukiita `Debug.Log` kila fremu yenyewe inaleta uzito na takataka za memori:

```csharp
float[] hatua = new float[600];
int n;
Vector3 kabla;

void LateUpdate()
{
    if (n == hatua.Length)
    {
        foreach (float h in hatua) Debug.Log(h.ToString("F1"));
        enabled = false;
        return;
    }
    Vector3 sasa = transform.position;
    hatua[n++] = (sasa - kabla).magnitude * 100f;
    kabla = sasa;
}
```

Inakupa sentimita ambazo mhusika amesogea kwa kila fremu. Namba ya kwanza itupe, inapimwa kutoka sifuri. Kijana wetu anakimbia mita 3 kwa sekunde, kwa fremu 60 unategemea sentimita 5 kila fremu. Nilichopata ni hiki, kikijirudia mpaka chini:

```
6.0
6.0
6.0
6.0
6.0
0.0
```

Nadhani hapo walio na uzoefu wameshaelewa. Kijana anasogezwa na fizikia, ana `Rigidbody`, na fizikia ya Unity haiendi na fremu za skrini, ina saa yake. Kwenye `Project Settings`, sehemu ya `Time`, kuna `Fixed Timestep` ambayo kwa kawaida ni 0.02, yaani hatua moja kila milisekunde 20, hatua 50 kwa sekunde. Skrini inataka picha 60. Sasa chukua sehemu ya kumi ya sekunde: skrini inachora picha 6, fizikia imepiga hatua 5. Picha moja lazima ikose hatua. Kila hatua ni sentimita 6, kwa hiyo tano zinasogea sita sita na moja inasimama, jumla 30, ambayo ndiyo sawa na 5 mara 6. Umbali uko sahihi na kasi iko sahihi, ila mgawanyo ndio mbovu, na jicho linaona mgawanyo, tena mara kumi kila sekunde.

Ndiyo maana laptopu yangu ilikuwa inaficha. Kwa fremu 48 mpaka 50 karibu kila fremu inapata hatua yake moja. Na kwa fremu 30 kwenye simu tatizo lilikuwepo pia, fremu moja inapata hatua mbili, inayofuata mbili, inayofuata moja, ila kwa sababu 30 yenyewe ni nzito kidogo kwa macho hatukulitenganisha.

Nikarudi kwenye profaila na swali jipya, na safari hii ikanijibu. Ingia `CPU Usage`, chagua `Hierarchy`, halafu tembea fremu moja moja kwa mshale wa kibodi huku unaangalia kama mstari wa `FixedUpdate.PhysicsFixedUpdate` upo. Fremu, upo. Fremu, upo. Ya sita, haupo kabisa. Na kwenye grafu ile rangi ya `Physics` inapotea kila fremu ya sita, ilikuwa pale muda wote huo, sisi tulikuwa tunatafuta milima na hii ilikuwa shimo. Fremu isiyokuwa na kazi inaonekana nzuri kwenye profaila, ni nyepesi, nani atailaumu.

Dawa ya kwanza ni rahisi, kwenye `Rigidbody` kuna `Interpolate`, kwa kawaida iko `None`. Ukiiweka `Interpolate`, Unity inachukua hatua mbili za mwisho za fizikia na kuweka mhusika mahali fulani katikati yake kulingana na muda wa fremu, kwa hiyo kila picha inapata nafasi yake. Kuna gharama, unachokiona kiko nyuma ya fizikia kwa muda usiozidi hatua moja, milisekunde 20, na kwa gemu la kukimbia hakuna aliyelalamika. Kuna na `Extrapolate` inayokisia mbele, hiyo kijana akigonga ukuta unamwona anaingia kidogo halafu anarudi, tukaiacha.

Nikaweka, nikarekodi, akinyoosha njia namba zikawa 5.0, 5.0, 5.0. Akikata kona zinarudi zile zile 6 na 0. Hii ilinisumbua karibu kuliko yote. Kumbe skripti ya kugeuka ilikuwa inaandika `transform.rotation` ndani ya `Update`, na ukigusa `transform` ya kitu chenye `Rigidbody` kwa mkono unaifuta ile kazi ya kulainisha, Unity inaona umemhamisha wewe mwenyewe kwa hiyo inaachana na makadirio yake. Kwa hiyo kila anapogeuka ulaini unakufa. Tukabadilisha: kidole kinasomwa kwenye `Update` na kutunzwa, halafu kugeuka kunafanyika kwenye `FixedUpdate` kwa `MoveRotation`:

```csharp
void Update()
{
    geuka = Pembeni();   // kidole cha mchezaji
}

void FixedUpdate()
{
    float nyuzi = geuka * kasiYaKona * Time.fixedDeltaTime;
    rb.MoveRotation(rb.rotation * Quaternion.Euler(0, nyuzi, 0));
}
```

Usisome kidole ndani ya `FixedUpdate`, hasa mguso wa mara moja kama kuruka, kwa sababu kuna fremu ambazo haiitwi na mguso unaweza kupotea. Kama kuna sehemu ulitumia `transform.position` makusudi, mfano kumrudisha mhusika mwanzo baada ya kuanguka, hiyo iache, pale unataka aruke papo hapo bila kulainishwa.

Tukajenga tena. Mwili unateleza vizuri, maduka yametulia, kamera safi. Bosi akasema sawa. Dada wa animesheni akasogeza simu karibu na uso akasema, "Miguu bado."

Na kweli miguu bado. Mwili unaenda laini, miguu na mikono inapiga ule ule mdundo wa tano na moja. Ukiwa mbali huoni, ukisogea unaona goti linakwama halafu linaruka. Nikapima goti kwa njia ile ile, badala ya nafasi nikachukua `Quaternion.Angle` ya `localRotation` ya mfupa wa goti kati ya fremu na fremu, nikapata nyuzi nne na kitu, nne na kitu, nne na kitu, halafu sifuri. Mdundo wa hatua 50.

Sasa hapa profaila inaweza kukuchanganya. Nilitafuta `Animators.Update` kwenye kisanduku cha kutafutia, ikatokea kila fremu bila kukosa, nikaamini animesheni inaenda kila fremu. Ila ile iliyokuwa inatokea kila fremu ni ya watu wa pembeni, wale wapita njia wa Kariakoo. Ya kijana wetu ilikuwa mahali pengine, chini ya sehemu ya `FixedUpdate`, na hiyo ndiyo iliyokosekana kila fremu ya sita. Kwa hiyo usiangalie jina tu, angalia limekaa chini ya nani.

Sababu ni setingi moja. Kwenye `Animator` kuna `Update Mode`, na ya kijana ilikuwa `Animate Physics`, kwenye matoleo mapya utaikuta imeandikwa `Fixed`. Maana yake mkao wa mifupa unahesabiwa pamoja na hatua za fizikia tu, mara 50. Na ule ulaini wa `Rigidbody` unasogeza mwili mzima, hauingii ndani ya mifupa kulainisha goti, kwa hiyo mwili unapata nafasi mpya kila picha na goti linabaki lilivyo mpaka hatua inayofuata.

Nikairudisha `Normal`, miguu ikawa laini hapo hapo, na beseni kichwani likaanza kutetemeka kama lina homa.

Kaka akacheka akasema ndiyo maana niliiweka vile. Hadithi yake ni hii: beseni lilikuwa kitu cha fizikia, limefungwa kwa `Joint` kwenye mfupa wa kichwa ili liyumbe kihalisia. Animesheni ikiwa `Normal` kichwa kinahamishwa katikati ya hatua za fizikia, fizikia ikifika inakuta kichwa kimeruka mahali pengine bila kasi yoyote inayoeleweka, joint inavutwa ghafla, beseni linatetemeka. Ukiweka `Animate Physics` kichwa kinasogea na saa ya fizikia, kasi inaeleweka, beseni linatulia. Yaani setingi haikuwa imewekwa ovyo, ilikuwa imeponya ugonjwa wa kweli, na enzi za fremu 30 hakuna aliyeona ilichokula. Ndiyo maana nakushauri ukikuta setingi ya ajabu kwenye mradi uulize aliyeiweka kabla ya kuigusa, utaokoa siku nzima.

Kabla ya kuamua tulijaribu njia ya mkato, kubadilisha `Fixed Timestep` iwe 0.016666 ili fizikia nayo iwe 60. Kwa simu yetu ilipunguza sana, lakini saa ya fizikia na saa ya skrini hazilingani kabisa, zinapishana kidogo kidogo, kwa hiyo kila baada ya muda fremu moja inakosa hatua au inapata mbili, mshtuko mmoja mkali unaotokea usipoutegemea. Tukaweka na kwenye simu ya bosi ambayo skrini yake ni ya hezi 90, tukaliachia gemu liende na skrini, ikawa mbaya kuliko mwanzo: hatua 60 kwa picha 90, kila picha ya tatu haina hatua. Na fizikia inakuwa nzito zaidi kwa sababu inafanya kazi mara nyingi zaidi kwa sekunde. Kwa gemu la kwenye simu ambapo hujui mchezaji ana skrini gani, hiyo njia sikushauri.

Tulichofanya ni kulitoa beseni kwenye fizikia. Sasa limeshikamana na mfupa wa kichwa kama kofia, na kuyumba kwake ni pembe ndogo tunayoihesabu wenyewe kwenye `LateUpdate`, baada ya animesheni kumaliza kuweka mkao: kijana akiongeza kasi au kukata kona, pembe inasukumwa upande wa pili, halafu springi inairudisha kwenye sifuri na breki kidogo ili lisiyumbe milele. Pembe ikipita nyuzi 25 hapo ndipo tunaachia vitu vya kweli vya fizikia vimwagike, na vyenyewe vina `Interpolate` tayari. Dada wa animesheni alisema lile la fizikia lilikuwa na uzito wa kweli zaidi, na ni kweli, tulipoteza kitu. Alikaa na mimi jioni nzima tunacheza na namba za springi mpaka akaridhika na jinsi linavyochelewa kidogo kurudi kijana akisimama ghafla, kama limejaa vitu.

Kwa gharama, kubwa ilikuwa muda. Pesa yenyewe ni simu moja ya mkononi tuliyonunua Kariakoo kama laki na nusu hivi kwa ajili ya kutestia tu, tukihitaji simu dhaifu kama za wachezaji wetu, na bando la kuhamisha faili siku umeme ulipokatika tukaenda kujengea gemu nyumbani kwa kaka. Hiyo simu usione hasara, bila hiyo tusingeona chochote.

Kwa sasa nikifungua mradi wowote wenye mhusika anayeshtuka naangalia kwa mpangilio huu: kwanza kama mshtuko una mdundo au unakuja ovyo, ovyo naenda `GC Alloc` na milima, mdundo naenda kuhesabu sentimita kwa fremu. Halafu `Interpolate` kwenye `Rigidbody`, halafu natafuta kwenye skripti zote nani anaandika `transform.position` au `transform.rotation` ya huyo mhusika, halafu `Update Mode` ya `Animator`, halafu kamera iko `LateUpdate` au la. Kupima napima mwili na mfupa mmoja kwa pamoja, kwa sababu mwili ukiwa laini haina maana miguu iko laini.

Kuna kimoja bado hatujakimaliza. Simu ikichezwa kama robo saa inapata joto, inajipunguza yenyewe, fremu zinashuka mpaka arobaini na kitu na hapo kijana anashtuka kwa sababu nyingine kabisa, fremu zenyewe zimekuwa ndefu na hazilingani. Hapo grafu inapanda kweli na `WaitForTargetFPS` inaisha, maana simu haina tena muda wa kusubiri. Kwenye fremu hizo wapita njia wa Mtaa wa Kongo ndio wanaokula muda mkubwa kwenye `Animators.Update`, wengi wao wako nje ya kamera na bado mifupa yao inahesabiwa, kwa hiyo wiki hii napitia `Culling Mode` ya mmoja mmoja.